Katani: Kanuni za Mchezo kwa Kiswahili

Sanduku limeandikwa Catan. Sisi tumeandika Katani, tukijua fika kwamba kwa mtu wa Tanga neno hilo ni mkonge. Humu ni kisiwa. Mchezo ulibuniwa na Klaus Teuber, ukatoka Ujerumani mwaka 1995, na huchezwa na watu 3 au 4. Wa kwanza kufikisha alama 10 katika zamu yake ameshinda.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno mawili. Penye "lazima" huna hiari. Penye "unaweza" uamuzi ni wako, na hakuna wa kukusukuma. Ugomvi mwingi wa mezani huanzia hapo.

Maneno ya mchezo

Kigae ni kipande chenye pembe sita. Vipo 19: misitu hutoa mbao, vilima hutoa matofali, malisho hutoa sufu, mashamba hutoa ngano, milima hutoa madini. Jangwa ni kimoja na hakitoi kitu. Njia panda ni pale pembe za vigae zinapokutana. Hapo hukaa kijiji au mji. Barabara hulala kwenye ukingo wa kigae, kutoka njia panda moja hadi nyingine. Mwenye zamu ni yule anayecheza sasa hivi. Benki ni mafungu ya kadi yaliyo kando ya ubao.

Kuanza

Panga vigae, weka namba juu yake, na kipande cha jambazi kikae jangwani. Kila mtu achukue rangi yake: vijiji 5, miji 4, barabara 15. Rusheni dadu, mwenye namba kubwa anaanza, kisha zamu inakwenda kushoto.

Katika duru ya kwanza kila mtu anaweka kijiji kimoja na barabara moja inayogusa kijiji hicho. Duru ya pili inarudi kinyumenyume: aliyeweka mwisho anaweka tena papo hapo, na aliyeanza anamalizia. Kwa kila kigae kinachogusa kijiji chako cha pili, chukua kadi moja ya mali yake. Kijiji cha kwanza hakikupi kitu mwanzoni, hata ukikiweka mahali pazuri namna gani.

Zamu yako, kwa mpangilio huu

1. Rusha dadu mbili. Ni lazima.
2. Fanya biashara. Unaweza.
3. Jenga au nunua. Unaweza.

Ukimaliza, mpe dadu aliye kushoto kwako. Kadi moja ya maendeleo unaweza kuicheza wakati wowote ndani ya zamu yako, hata kabla ya kurusha dadu.

*Dadu.* Jumla ya dadu ndiyo namba ya vigae vinavyozaa. Kila mwenye kijiji penye kigae hicho anachukua kadi 1. Mwenye mji, kadi 2. Wanaochukua ni wote, si mwenye zamu peke yake. Benki ikipungukiwa mali fulani isiweze kuwatosha wanaoidai, hakuna anayepata mali hiyo. Anayedai akiwa mmoja tu, anachukua zilizobaki.

> Mfano wa 1. Zuhura amerusha 8. Msitu wenye 8 unagusa kijiji cha Zuhura na mji wa Kombo. Malisho yenye 8 yanagusa kijiji cha Mwanaidi. Zuhura anachukua mbao 1, Kombo mbao 2, Mwanaidi sufu 1.

*Ikitoka 7.* Hakuna kinachozaa. Fuateni mpangilio huu bila kuruka hatua:

Kwanza, kila mwenye kadi za mali zaidi ya 7 lazima arudishe nusu benki, anazochagua mwenyewe. Nusu isiyo kamili hushushwa. Pili, mwenye zamu lazima amhamishe jambazi hadi kigae kingine. Tatu, anachomoa kadi moja, bila kuiona, kwa mtu mmoja mwenye kijiji au mji penye kigae hicho. Kisha zamu yake inaendelea na biashara kama kawaida. Kigae alichokalia jambazi hakizai mpaka aondoke.

> Mfano wa 2. Kombo amerusha 7. Zuhura ana kadi 9: anarudisha 4, anabaki na 5. Mwanaidi ana 7 kamili: yuko salama. Kombo mwenyewe ana 11, naye hasameheki: anarudisha 5, anabaki na 6. Sasa anampeleka jambazi kwenye milima yenye 6, palipo na vijiji vya Zuhura na Mwanaidi. Anamchagua Mwanaidi na kuchomoa kadi moja. Zuhura haguswi tena.

*Biashara.* Mwenye zamu anaweza kubadilishana na yeyote, kwa bei watakayoafikiana. Wengine hawawezi kubadilishana wao kwa wao. Kutoa bure hakuruhusiwi. Benki inataka kadi 4 za aina moja kwa 1 uitakayo. Ukiwa na kijiji au mji penye bandari ya kawaida, ni 3 kwa 1. Bandari yenye alama ya mali hudai 2 za mali hiyo tu.

*Kujenga.* Bei ni hizi:

| Kitu | Bei |
|---|---|
| Barabara | tofali 1, mbao 1 |
| Kijiji | tofali 1, mbao 1, sufu 1, ngano 1 |
| Mji | madini 3, ngano 2 |
| Kadi ya maendeleo | madini 1, sufu 1, ngano 1 |

Kijiji lazima kifikiwe na barabara yako, na njia panda zote za jirani ziwe tupu. Hata kijiji chako mwenyewe kinahesabiwa kuwa kizuizi. Mji haujengwi penye uwanja mtupu: unachukua nafasi ya kijiji chako, nacho kinarudi kwako.

> Mfano wa 3. Zuhura ana mbao 2, ngano 1, sufu 4. Barabara yake imefika njia panda nzuri. Anakosa tofali tu. Akienda benki atatoa sufu zote 4 apate tofali 1, kisha hana sufu ya kujengea. Kombo anamwambia, "Nipe sufu mbili, tofali hili hapa." Wanakubaliana. Zuhura anajenga kijiji, anabaki na mbao 1 na sufu 1. Mwanaidi naye alitaka sufu ya Kombo, lakini angoje zamu yake au ya Kombo.

Maandishi ya kadi za maendeleo

Zipo 25. Changa, weka kifudifudi. Kadi uliyoinunua zamu hii huwezi kuicheza zamu hii, isipokuwa ya Alama.

> ASKARI (14). Mhamishe jambazi. Chomoa kadi 1 kwa mwenye kijiji au mji hapo. Kadi hii ibaki wazi mbele yako.

> UJENZI WA BARABARA (2). Weka barabara 2 bila malipo.

> MWAKA WA NEEMA (2). Chukua benki kadi 2 za mali yoyote.

> UKIRITIMBA (2). Taja mali moja. Kila mchezaji lazima akupe kadi zake zote za mali hiyo.

> ALAMA (5). Alama 1. Ifiche mpaka utakapotimiza alama 10.

Askari akichezwa, hakuna anayerudisha nusu. Hilo ni la dadu ya 7 pekee.

Kuhesabu alama

Kijiji ni 1, mji ni 2. Barabara Ndefu ni 2: anaichukua wa kwanza kuunganisha barabara 5 mfululizo, matawi hayajumlishwi. Jeshi Kubwa ni 2: wa kwanza kucheza askari 3. Kumpokonya mtu lazima umzidi. Kulingana naye hakutoshi. Kijiji cha mwingine kikikaa katikati ya barabara yako, kinaikata.

> Mfano wa 4. Mwanaidi ana miji 2 (alama 4), vijiji 2 (alama 2), Barabara Ndefu (alama 2) na kadi moja ya Alama aliyoificha. Jumla 9, ingawa meza inaona 8. Katika zamu yake ananunua kadi ya maendeleo: ni Alama. Anazifunua zote mbili. Mchezo umeisha palepale. Kombo aliye kushoto hapewi zamu ya kumalizia duru.