Akamtazama, Akampenda

Shikamooni wazee wetu, na habari za jioni ndugu zangu. Asanteni kwa kusimama. Mwenye haraka zake aende kwa amani, hakuna atakayemnyooshea kidole. Na wenzetu wa imani nyingine, karibuni. Sikuja kuwasema vibaya.

Injili ya Marko, sura ya 10: tajiri mmoja anamkimbilia Yesu njiani, anapiga magoti, anauliza afanye nini aurithi uzima wa milele. Yesu anamwambia auze alivyo navyo, awape maskini, kisha amfuate. Uso ukamshuka yule bwana, akaondoka kwa huzuni. Yesu hakumfukuzia wala hakumtisha. Ila kuna maneno ambayo sisi wahubiri huyaruka, sijui kwa nini: Yesu alimkazia macho, akampenda. Alimpenda kabla hajaujibu mwito huo!

Huyo ndiye ninayemhubiri. Naamini alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akafufuka, na anatupokea tulivyo: mwenye madeni, aliyegombana na mkewe asubuhi, hata anayenuka pombe sasa hivi. Kumfuata kuna gharama, sitawaficha. Lakini hutembei peke yako.

Ukitaka kuombewa, au una swali, hata la kunipinga, tupo pale chini ya mti hadi saa kumi na mbili. Hatuandiki majina, hatuchangishi pesa. Ukitaka kwenda kufikiri kwanza, nenda kafikiri. Vijitabu vya Marko viko mezani, chukua bure.