Sanduku la bati

Madam hedi, wajumbe wa bodi, walimu, wazazi wetu, na nyinyi watoto wangu wa sinia siksi, jua ni kali na tenti imetoboka upande wa wazazi, kwa hivo sitawaweka sana.

Mimi sikutaka kuwa mwalimu. Leo naweza sema, nimeshastaafu. Nilikulia hapa Tororo karibu na stesheni na nilichotaka ni kuendesha treni, basi. Reli wakati ule ilikuwa ya Afrika Mashariki yote, nikapata nafasi ya kwenda Nairobi kusomea, mama akauza mbuzi wawili akaninunulia sanduku la bati na blanketi, halafu 1977 jumuiya ikavunjika, kila nchi ikabaki na mabehewa yake na mimi nikabaki na barua yangu. Nikakaa nyumbani napalilia mtama, mdomo nimeununa hivi. Sasa mwalimu wa hesabu wa praimari ya jirani akawa amevuka mpaka usiku, wazee hapa mnajua siku za Amin zilivyokuwa, hedi wake akaja kwa mama akasema nikopeshe huyu kijana temu moja tu. Temu moja! Imeisha mwaka ule nyinyi mmeingia sinia wani.

Lakini msinisikie vibaya mkaenda kulala eti mzee amesema mipango ni bure. Ile hesabu niliyokazana nayo sababu ya treni ndiyo nilienda kufundisha. Akii-Bua naye alikuwa polisi, alianza na viunzi vya mita 110, kocha akamhamishia 400, na Munich 1972 akapewa leni ya kwanza, ile ya ndani yenye kona mbaya, akarudi na dhahabu na rekodi ya dunia, sekunde 47.82. Leni hakuchagua, ila kuruka viunzi alikuwa anajua.

Kuna kijana wangu mmoja hapa, fizikia alikuwa moto, akakosa uinjinia kwa pointi kidogo, akalia wiki nzima. Akaanza kutengeneza simu Malaba, kutoka simu akaingia kwa sola, saa hii ndiye anaitwa friji za chanjo zikizima kwa vituo vya afya huko vijijini. Wazazi, mtoto akisoma PCB halafu mkamwona anafuga kuku, tafadhali msimhesabie karo mbele ya wageni.

Sasa hili sanduku hapa mezani ndio lile la mbuzi wawili, nililiwekea chaki miaka yote. Leo lina karatasi zenu. Mlipoingia niliwaambia kila mtu aandike anataka kuwa nini, nikazitunza. Nimezisoma tena jana usiku, marubani ni 17, madaktari sikumaliza kuhesabu, na mmoja aliandika tu "nataka kuwa mrefu". Namwona pale nyuma karibu na spika, kichwa kinagusa tenti. Wewe njoo uchukue yako kwanza.