Mama Salma, ahsante, na ile miwani iko huku

Waalaikum salaam Mama Salma, habari za Voi, na samahani nimechelewa kukujibu. Ulichoandika kuhusu nyumba yetu ya wageni hapa Lamu nilikiona tangu Jumapili usiku lakini nilikisoma nimesimama jikoni mikono imejaa unga, nikasema hapana, huyu nitamkalia chini. Mpwa wangu ndo hushika simu ya kazi na alikua keshakuandikia "tunathamini sana maoni yako, karibu tena", nikamwambia futa hio haraka, mtu amelala kwetu siku tatu, mamake amekula na sisi sinia moja mkekani, wewe wamjibu kama benki? Kwa hivo huyu ni mimi mwenyewe, yule wa kufunga mlango usiku, na nikirefusha nivumilie.

Kwanza nilimsomea Bi Zena, mpishi wetu, pale uliposifu samaki. Akajifanya anapanga sufuria hasikii, halafu akaniambia soma tena, nikasoma, akaniambia pale mwisho hujasoma vizuri hebu rudia. Alipotosheka akasema "ah, ni samaki tu", lakini jioni hio tukaletewa changu wa kupaka na hakuna mgeni aliyeagiza, kwa hivo ahsante kwa niaba ya sote tuliokula kwa sifa zako.

Umeuliza anampikaje. Vipimo usimuulize, hana. Ninavomuona mimi ni kwamba anampasua samaki mgongoni, anamkoleza thomu na tangawizi na pilipili na ndimu na chumvi, anamuacha kidogo, kisha makaa. Tui zito la kwanza analipika pembeni na ukwaju na bizari kidogo mpaka linakaza likishika kijiko, na samaki akishakaribia kuiva ndo kupaka kunaanza, anageuza anapaka, anageuza anapaka, hapo usimsemeshe. Wengi siku hizi humwagia mchuzi juu mwishoni wakaita wa kupaka, mimi huyo namwita samaki wa mchuzi aliyepita karibu na moto. Na makaa lazima yawe yameshafanya jivu, moto ukiwa mkali tui linakatika na ngozi inaungua ndani kubichi. Nilimuuliza kama naweza kukuandikia zaidi ya hapo akajibu, "mwambiye aye nimuoneshe, mkono haufundishwi kwa simu." Basi hilo ni darasa lako, mwalimu keshakubali, na ada yake nnavyomjua ni kumenya thomu.

Ile ya chumba ilinichekesha, "chembamba kama behewa la treni lakini baridi kama mtungi". Kweli kabisa, na sio kwamba bibi yangu alibana pesa. Nyumba hizi za kale dari zake zinashikwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwi ndefu unavotaka wewe, ikizidi mita tatu hivi inaanza kulegea na uzito wa dari, kwa hivo mjenzi alikua anaweza kurefusha chumba mpaka achoke lakini upana ni pale boriti inapofika. Na hio baridi ni ukuta, jiwe la matumbawe na chokaa, unene ule Salma aliupima kwa mkono wake ukaishia kwenye bega. Juzi alikuja fundi mmoja akanishauri nipige simenti ukuta wa nyuma manake chokaa inabambuka, nikamwambia haya kunywa chai yako uende. Simenti ikikaa juu ya jiwe hili ukuta haupumui, unyevu unabaki ndani, miaka miwili mitatu unaanza kuporomoka pamoja na vipande vya jiwe. Mji wetu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2001, sawa, tunashukuru, lakini kupaka chokaa kila mwaka ni mfuko wetu, kwa hivo mgeni anapolala chumba kile na akalipa anakua amenunua na ndoo ya chokaa, hilo sikukwambia ulipokua hapa.

Sasa hapa nitasema jambo ambalo wewe kwa ustaarabu wako hukuliandika. Asubuhi ya pili maji yalikatika. Mama yako alikua katikati ya kutia udhu na vijana wakapanda ngazi na majerikani, na wewe ukasema hakuna shida, lakini mimi niliona shida kwa macho yangu na sikulala vizuri usiku ule. Makosa yalikua yangu, pampu ilikua inakoroma wiki nzima na mimi nikawa nasema kesho, kesho. Pampu imebadilishwa na tumepandisha tangi jingine la lita 1,000 juu darini, kwa hivo hata stima ikipotea maji yanashuka yenyewe. Umetupa sifa zote kamili nami nilitaka ujue kwamba ile moja tulikua hatujaistahili.

Ya punda siwezi kukuahidi kitu. Umesema alilia saa kumi usiku chini ya dirisha, namjua ni yupi, ni wa jirani anayebeba mchanga wa kujengea, na akianza yeye wanaitikia mpaka mtaa wa Langoni. Huku mitaani gari haliingii, punda ndo lori letu ndo teksi yetu, basi naye ana haki ya kupiga honi. Ukitaka nakupa chumba cha upande wa ua wa ndani, pale sauti inafika imechoka, lakini huko upepo wa bahari huupati vizuri, chagua mwenyewe, kelele au joto.

Na ngazi. Umetushukuru kwa vile kijana alivyoweka kiti pale kwenye kona ya ngazi ili mama apumzike kila akipanda, nataka ujue sikumtuma, alifanya mwenyewe manake nyanyake pia ana magoti. Kile kiti hatujakiondoa. Wageni wengine wanauliza cha nini pale kinaziba njia, tunawaambia kina mwenyewe.

Haya, magofu ya Takwa. Najua ndicho kitu kilichokuuma, umekitaja kwa mstari mmoja tu ukapita, "tulikosa Takwa lakini ndo hivo". Hebu nikueleze vizuri kwa sababu nahodha siku ile alikwambia tu "maji hakuna" na wewe ulikua unaiona bahari imejaa mbele yako, nilikuona ulivyomuangalia. Mlikuja wakati wa maji mafu. Takwa iko ng'ambo kisiwa cha Manda na boti haifikii ufukweni wazi, inaingia kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko, na ule mkono juu huko ni mwembamba na kina chake kidogo, unataka maji yajae sawasawa. Siku za maji mafu hata yakijaa hayajai kwa maana ya kujaa, mngefika nusu mkakwama kwenye matope, mama yetu amekaa botini juani mpaka maji yarudi. Nahodha wa kutafuta pesa tu angewapeleka, huyu alikataa, na mimi nilimpenda zaidi kwa hilo.

Kwa hivo dawa yake ni kuhesabu mwezi kabla ya kukata tiketi ya basi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku mbili tatu za hapo ndo bamvua, maji yanajaa kweli kweli, na bamvua huku maji hujaa jioni, saa kumi, kumi na moja hivi. Mnakula mchana, mnalala kidogo, mnatoka saa tisa jua limeanza kupoa, mnaingia kwenye mikoko na maji yanapanda pamoja na nyinyi, mnateremka mnatembea mpaka kwenye magofu, mnarudi kabla hayajaanza kukimbia. Kule mtaona msikiti wa Ijumaa una nguzo imesimama juu ya kibla, sijaona mfano wake mahali pengine, na kaburi la nguzo, na mibuyu. Mji ulihamwa karne ya 17 na wazee wa kijiji cha Shela husema asili yao ni pale, ndo mana mpaka leo wanakwenda kule kuomba dua ya mvua. Mimi nimeshakwenda mara nyingi hata sihesabu na bado pale msikitini huwa nashusha sauti bila kuambiwa. Mama yako atapapenda, na njia ni tambarare, hakuna ngazi.

Ile elfu moja mliyomwachia nahodha mkakataa kurudishiwa iko kwenye bahasha kwenye kabati langu, imeandikwa jina la Salma. Sio zawadi, ni pesa yenu.

Kama unauliza lini, mimi ningekwambia Januari au Februari, kaskazi inavuma, bahari imetulia na samaki wako wengi. Disemba mwishoni ni pazuri lakini mji unajaa na hata mimi bei hupanda kidogo sikufichi. Aprili na Mei usimlete mama, mvua za masika vichochoro vinateleza. Na ukitaka kuja Maulidi, mfungo sita, niambie mapema sana manake wiki ile hata baraza za nje zina wenyewe, wageni wanatoka kila pembe, usiku mzima ni matari, ukitaka usingizi sio wiki yake lakini ukitaka kuiona Lamu yenyewe ndo hio. Chumba kile kile, bei ile ile elfu 5 na chai ya asubuhi ndani, na Salma akiwa bado analala katikati yenu simhesabu. Mkishuka Mokowe msichukue boti ya kwanza inayowakimbilia, piga simu kijana atawasubiri gatini.

La mwisho, sijui kama mama amekwambia. Aliacha miwani yake ya kusomea. Niliikuta kitandani chini ya mto siku mlioondoka, nikampigia nikamwambia kesho naitia kwenye basi la asubuhi utaipokea Voi. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kuna mtu karibu yako hapo? Nikasema hayupo mtu, nasikiza mimi tu. Akasema, "usiitume, mie nyumbani ninayo nyengine, hio nitakuja kuifuata mwenyewe, na mwanangu usimwambie nimeisahau makusudi."

Sasa nimesema, nitamkabili mwenyewe akija. Miwani nimeiweka kwenye kile kidaka cha ukutani, cha juu upande wa kushoto, kile alichoniuliza watu wa zamani walikua wakiweka nini humo.