Barua kwa wanafunzi wangu mnaoogopa logi

Wanafunzi wangu wapendwa,

Jumanne usiku nilikaa na karatasi za jaribio lenu. Swali la 4, lile la logi, karatasi 11 zilikuwa tupu kabisa. Kukosea ningeelewa, lakini hizi hata kalamu haikugusa. Mmoja wenu, ambaye mwandiko wake naujua hata gizani, aliandika pembeni kwa penseli: “Mwalimu, hizi si namba, hii ni lugha.” Nilicheka, kisha nikaiweka kalamu yangu chini, maana mtoto yule amesema kweli. Logi ni lugha, na kosa langu ni kwamba niliwapa sarufi yake kabla hamjaisikia ikizungumzwa. Nikaanza na kanuni tatu ubaoni, nikazizungushia maboksi, mkanakili, basi. Naomba nianze upya, na nianzie mbali na daftari.

Nitajieni namba kubwa yoyote. Tuseme 1,000,000. Nikiwauliza ukubwa wake mtaniambia “ina sifuri sita.” Hamsemi kwamba ni 1 iliyojumlishwa mara milioni moja. Mnahesabu sifuri, yaani mnahesabu ni mara ngapi kumi imezidishwa kuifikia namba hiyo. Hiyo ndiyo logi. Mtu anapoandika log 1,000,000 anauliza swali moja tu: kumi mara ngapi? Jibu ni 6. log 1000 ni 3. log 100 ni 2. log 10 ni 1. Na log 1? Hujaanza kuzidisha, bado umesimama mlangoni, kwa hiyo 0. Wengi wenu mliandika kwamba log 1 ni 1. Sasa mnaona kwa nini haiwezekani.

Ile 10 ndogo inayoandikwa chini kidogo ya neno log, ambayo mara nyingi hatuiandiki, ni kizio: namba tunayozidisha nayo. Ukibadilisha kizio umebadilisha urefu wa hatua, swali ni lilelile. Kwa kizio cha 2, logi ya 8 ni 3, kwa kuwa mbili, nne, nane ni hatua tatu.

Kwa nini mtu ahesabu hatua wakati namba zenyewe zipo? Kwa sababu namba nyingine hazitoshi mahali popote. Jaribuni kuchora mstari mmoja wenye vitu vinne: mtoto mdogo mwenye kimo cha mita 1, Mlima Everest wenye mita 8,849, kipenyo cha Dunia ambacho ni karibu kilomita 12,742, na umbali wa wastani kutoka hapa hadi mwezini, kilomita 384,400. Mkiamua kila mita iwe sentimita 1 kwenye mstari wenu, mtoto atapata sentimita yake na mwezi utakuwa kilomita 3,844 kutoka hapo. Mkiubana mstari mpaka mwezi uingie kwenye karatasi, mtoto na mlima vitarundikana ukingoni, hamtavitofautisha, na Dunia yenyewe itakuwa jirani yao tu. Sasa acheni mita, wekeni logi ya mita. Mtoto anakaa kwenye 0, mlima karibu na 4, Dunia mbele kidogo ya 7, mwezi karibu 8.6. Vyote vinne vinaenea kwenye rula ya sentimita 10 mliyonayo mkobani, na kila kimoja kinaonekana.

Masikio yenu yanalijua jambo hili kuliko mnavyodhani. Sauti tunaipima kwa desibeli, na desibeli ni logi iliyozidishwa kwa 10. Mnong'ono ni kama desibeli 30, mazungumzo ya kawaida kama 60. Kwa haraka mtu atasema mazungumzo ni mara mbili ya mnong'ono. Hapana. Kila desibeli 10 zinazoongezeka, nguvu ya sauti imezidishwa kwa 10. Kutoka 30 hadi 60 ni hatua tatu, kwa hiyo nguvu ni mara 1,000. Sikio halihisi hiyo mara elfu. Linahisi kitu kama ngazi tatu zilizopandwa, na bila kubana namna hiyo lisingeweza kusikia jani likianguka na radi ikipiga kwa kiungo kilekile.

Hapa napenda kuwatega. Mwanafunzi mmoja anasoma kwa sauti ya desibeli 60. Mwenzake anaanza kusoma pembeni yake kwa nguvu ileile. Jumla ni desibeli ngapi? Kila mwaka darasa zima huniambia 120. Desibeli 120 ni kelele ya kuumiza masikio! Nguvu imekuwa mara mbili tu, na logi ya 2 ni 0.3010. Zidisha kwa 10, unapata 3. Jibu ni 63. Ile 0.3010 mliyoichukia kwenye kitabu cha majedwali ndiyo hiyo, imekaa katikati ya watu wawili wanaosoma.

Matetemeko ya ardhi nayo hutangazwa kwa namna hii. Mtangazaji anaposema tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 5 na jingine la 7, tofauti haionekani ya kutisha. Lakini kila namba moja inayoongezeka ni mtikisiko mara 10 kwenye chombo cha kupimia, kwa hiyo kati ya 5 na 7 ni mara 100. Nishati inayotoka hupanda kwa kasi zaidi, karibu mara 32 kwa kila namba moja, ambayo kwa namba mbili inafika takriban mara 1,000. Na wale mnaosoma kemia mnaijua pH. Maji safi ni 7, asidi yenye pH ya 4 inaonekana iko jirani tu, kumbe ina ayoni za haidrojeni mara 1,000 zaidi. Nawasihi, siku mtakapoona kipimo ambacho namba zake ni ndogo na mambo yake ni makubwa, ulizeni kama kuna logi imejificha humo.

Turudi kwenye 0.3010, maana najua ndiyo inayowakera. Kumi mara tatu naelewa, mtasema, lakini kumi mara sifuri nukta tatu ndiyo nini? Chukueni karatasi, ikunjeni katikati. Tabaka 2. Tena, 4. Tena, 8. Mkono wenu utashindwa kabla ya mara ya kumi, ila akili itaendelea: mara ya kumi ni tabaka 1,024. Hiyo ni 1,000 na chenji kidogo. Kwa hiyo hatua kumi za kuzidisha kwa mbili zinakaribia sana hatua tatu za kuzidisha kwa kumi. Basi hatua moja ya mbili ina thamani gani ukiipima kwa hatua za kumi? Tatu gawanya kwa kumi, 0.3. Mmeipata logi ya 2 kwa kukunja karatasi, bila jedwali wala kikokotoo. Zile tarakimu zilizobaki ni za kusafisha tu ile 24 iliyozidi. (Kwa wapenda maajabu: karatasi yenye unene wa milimita 0.1, ingekubali kukunjwa mara 42, ingefika mwezini na kupitiliza. Fanyeni hesabu, msiniamini mimi.)

Ukishaishika hiyo moja, nyingine zinakuja zenyewe. Logi ya 4 ni hatua mbili za mbili: 0.602. Ya 8 ni 0.903. Ya 5? Kumi ukigawanya kwa mbili, kwa hiyo 1 kutoa 0.301, ni 0.699. Ya 50 ni hatua moja zaidi, 1.699. Hapo kanuni zangu za kwenye maboksi mmekwisha kuzitumia zote bila kuzikariri. Kuzidisha 100 kwa 1,000 ni kuunganisha sifuri mbili na sifuri tatu, unapata tano. Ndiyo maana logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, na kugawanya kuwa kutoa.

Kazi hiyo ndiyo iliyozizaa. John Napier, Mskoti, alizitangaza mwaka 1614, wakati wanaastronomia walikuwa wakizidisha namba ndefu kwa mkono siku nzima na kukosea jioni. Henry Briggs alimwendea mwaka uliofuata, wakazungumza juu ya kutumia kizio cha 10 ambacho sisi tunakitumia leo. Logi zilibuniwa na watu waliochoka. Ninyi mnadhani zilibuniwa na watu waliotaka kuwachosha.

Nina la kukiri. Nilipokuwa na umri wenu niliandika kwenye mtihani kwamba log (2 + 3) ni log 2 jumlisha log 3. Nilikuwa na uhakika kabisa, hata nikampa mwenzangu anakili. Jumlisheni wenyewe: 0.301 na 0.477 ni 0.778, na hiyo ni logi ya 6, si ya 5. Nilikuwa nimezidisha bila kujua. Mwalimu wangu alinichora msalaba mwekundu, asiseme neno, nami nikakaa miaka miwili nikiamini kwamba logi hazina mantiki. Safari hii nimeliona kosa hilohilo kwenye karatasi sita. Sikuweka msalaba. Nimeandika pembeni, “Umeipata logi ya namba gani?” Nataka jibu.

Kuhusu “baa mbili,” ile 2 yenye kistari kichwani kwenye logi ya 0.02: namba hiyo iko chini ya 1, kwa hiyo unarudi nyuma. Rudi hatua mbili nzima hadi 0.01, kisha songa mbele 0.3010 kwa ajili ya ile mbili. Kistari kinasema sehemu nzima peke yake ndiyo hasi. Na kwa nini kikokotoo kinagoma ukiandika log 0? Gawanya 1 kwa kumi, tena, tena, mpaka uchoke. Unakaribia sifuri na hufiki. Kikokotoo hakijaharibika.

Alhamisi mje bila kitabu cha majedwali. Leteni karatasi moja tupu na penseli. Nitawapa logi ya 2 na logi ya 3 tu, nanyi mtanitafutia logi za namba zote kutoka 1 hadi 10. Moja itawagomea, na nitataka mniambie ni ipi na kwa nini. Swali la 4 tutalirudia baada ya hapo, na alama za jaribio la Jumanne sijaziingiza popote. Karatasi bado ziko mezani kwangu.

Na wewe wa penseli, kaa mbele.

Mwalimu wenu wa Hisabati