TANGAZO: Hifadhidata ya akaunti itazimwa Jumamosi tarehe 14 Juni

Kwa: wafanyakazi wote wa makao makuu na wa matawi ya Kenya, Katuba na Ruashi
Kutoka: Idara ya Informatiki, Lubumbashi
Tarehe: 10 Juni 2025

Wapendwa mama na baba,

Hifadhidata itazimwa Jumamosi 14 Juni saa 8 mchana (14:00) na kuwashwa Jumapili 15 Juni saa 4 asubuhi (10:00). Saa hizi ni za Lubumbashi, si za Kinshasa.

Usiku wa tarehe 5 umeme ulikatika, na betri za seva zikaisha kabla jenereta haijawaka. Faharasa ya jedwali la miamala ikaharibika. Miamala yenyewe ipo yote, tumeilinganisha na madaftari ya kesi. Lakini programu huitafuta kwa kupitia faharasa hiyo, ndiyo maana Katuba wanaona salio moja kwenye gishe na jingine kwenye karne ya mwanachama. Tutatoa nakala kamili, tuijaribu kwenye mashine nyingine, kisha tuijenge faharasa upya. Mtu mmoja tu akibaki ndani ya programu, kazi yote inasimama kumsubiri.

Kwa hiyo Jumamosi gishe zifungwe saa 6 mchana. Hesabuni feranga na dola kila moja kivyake, chapeni ripoti ya siku, na kabla ya saa 7 na nusu kila mtu atoke kwa kubonyeza `Déconnexion`. Kufunga dirisha tu hakutoshi. Saa 8 kamili tutawakata waliobaki, na ambacho hakijahifadhiwa kitapotea.

Tunawasihi sana: msiandike miamala kwenye Excel, simu au daftari la pembeni ili muiingize baadaye. Matengenezo yaliyopita, watu wawili waliingiza orodha moja, na akiba ya mama wa sokoni ikaonekana mara mbili. Tulimaliza siku tisa kusahihisha, na kumweleza mama huyo kwamba pesa aliyoiona si yake kulikuwa kugumu kuliko kazi yenyewe.

Msilipe mkopo wala akiba kwa kuangalia karne peke yake. Kwa msiba au hospitali, mkuu wa tawi peke yake anaweza kutoa hadi dola 50, kwa kufuata orodha ya salio iliyochapwa Jumamosi, kwenye bodero yenye namba. Ataiingiza yeye mwenyewe Jumatatu. Pesa zinazotumwa kwa simu zitasubiri na kuingia Jumapili. Waambieni wanachama wasitume mara ya pili.

Mkiona `Serveur indisponible`, ni kawaida. Msizime ruta wala kuwasha mashine upya.

Kujenga faharasa kukishindikana tutarudi kwenye nakala ya Jumamosi, na wakuu wa matawi watapigiwa simu Jumapili kabla ya saa 4. Jumatatu, kabla ya kumpokea mwanachama wa kwanza, kila gishe ilinganishe salio la karne tano na skrini. Hata tofauti ya feranga 100, tupigieni palepale.