Zoezi la Tamathali za Semi, Kidato cha Pili

Soma kila sentensi kwa makini, kisha eleza kama imetumia tashibiha, sitiari, tashihisi au mubalagha, na utoe sababu ya jibu lako, kwa kuwa jina la tamathali bila sababu litapata nusu ya alama tu.

1. Mashamba ya chai ya Mufindi yametandazwa mfano wa zulia la kijani.

2. Uwanda wa Kitulo ni bustani ya Mungu.

3. Baridi ya Makambako iligonga dirisha usiku kucha, ikiomba ifunguliwe.

4. Tulimsubiri dereva pale Uyole hadi tukaota mizizi.

5. Mama aliyachuma maparachichi ya Tukuyu yakajaa mpaka mbinguni.

6. Kama mvua itanyesha leo, viazi havitavunwa.

Sentensi ya 6 imewekwa kwa makusudi: neno "kama" lililomo linaonyesha sharti, halilinganishi vitu viwili, kwa hiyo eleza kwa nini hakuna tashibiha hapo.

7. Linganisha sentensi hizi mbili: "Ukungu wa Mlima Rungwe ni kama shuka jeupe" na "Ukungu wa Mlima Rungwe ni shuka jeupe." Taja tamathali ya kila moja, kisha ueleze ipi ina nguvu zaidi na kwa nini.

8. "Mlima Rungwe umeamka, ukajifunika shuka jeupe la ukungu." Tamathali mbili zimekutana hapa, zitaje zote, ukionyesha neno linalobeba kila moja.