Jina la Muuza Samaki

Tasnifu ile ilikuwa na jalada la kijani lililopauka. Ilipigwa chapa kwa taipureta mwaka 1984, na kila herufi ya k ilikuwa imekatika mguu. Niliikuta rafu ya chini kabisa katika chumba cha Afrika Mashariki, kule ambako vitabu haviruhusiwi kutoka, na nilipopuliza vumbi nikajua nimepona.

Ilikuwa Jumatano. Sura yangu ya tatu, juu ya mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, ilitakiwa mezani kwa msimamizi Jumatatu asubuhi, nami nilikuwa na kurasa mbili tu. Hii ya kijani ilikuwa na kurasa ishirini na nane juu ya jambo lilelile, tena zimeandikwa kwa akili kuliko chochote ambacho ningeweza kukiandika usiku ule. Programu ya chuo inayokagua wizi wa maandiko hulinganisha kazi yako na zile zilizomo kwenye kompyuta. Karatasi ya taipureta haimo. Bwenini tulikuwa tunasema wazi: kisichokuwa mtandaoni hakikamatwi.

Siku tatu nilisaini daftari la chumba kile. Nilinakili, nikageuza neno hapa na pale, “aidha” nikaifanya “vilevile”. Kwenye ukurasa wa 61 kulikuwa na tanbihi ndefu: mwandishi alimshukuru mzee mmoja muuza samaki wa Mji wa Kale, aliyemghania shairi ambalo watu wa Mvita hulihesabu kuwa la Muyaka, akamsahihisha kwamba neno ni “matozi”, si “mato” kama lilivyozoeleka. Shairi na sahihisho nilivichukua. Tanbihi niliifuta. Ningemwambiaje msimamizi kwamba mwaka 1983 nilizungumza na mzee huyo, nami mwaka huo hata mama yangu alikuwa bado msichana wa shule?

Ijumaa mchana Bi Salma, mkutubi wa chumba kile, huwasaidia wanafunzi kupanga marejeo. Nilimpelekea yangu. Sikuona hatari; niliamini nampelekea orodha tu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa.”

Akavaa miwani, akapitisha kalamu ya risasi juu ya orodha bila kuigusa karatasi. Kalamu ikasimama kwenye diwani ya Muyaka iliyohaririwa na Hichens, Johannesburg, 1940.

“Hiki umekisomea wapi?”

“Hapahapa maktaba.”

“Nakala yetu ilipotea kabla hujazaliwa. Nimeitafuta mimi mwenyewe miaka mingi.” Sauti yake haikupanda. “Na umeandika ukurasa.”

Masikio yakanipata moto. Nikafungua mdomo, likatoka lile neno la kila mwenye kosa: “Sikujua kama...”

Bi Salma akaweka kalamu chini. “Sikujua ni jina la mtu. Unajua?”

Nilidhani ananisuta, kumbe sivyo. Aliinuka, akaleta kitabu cha Mohamed Abdulaziz juu ya Muyaka, cha mwaka 1979, akakiweka kati yetu kikiwa kimefungwa. Akanieleza kwamba Muyaka alikufa yapata mwaka 1840 na mashairi yake yamebaki vinywani mwa watu wa Mombasa. Miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya na kuyaandika, akiyatolea maelezo. Alifanya kazi hiyo pamoja na William Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekuwa akijifunza Kiswahili. Karatasi za Taylor ziko Londoni, maktaba ya chuo cha SOAS. Hichens alichapisha mashairi hayo mwaka 1940, na kila aliyekuja baadaye amepita njia hiyohiyo.

“Sasa fikiri,” alisema. “Lingekuwa limefutwa jina la Sikujua pale katikati, wewe leo ungemwamini nani? Ungejuaje kwamba aliyeandika neno ni mtu wa Mvita aliyelisikia, wala si mgeni aliyelikisia? Jina si zawadi tunayompa mwandishi kwa adabu tu. Ndiyo njia ya kurudi kuuliza.”

Nilikuwa natazama sura yangu pale mezani, ukurasa ambao muuza samaki alikuwepo nami nikamtoa. Nakwambia kweli, kuogopa kufukuzwa chuo kuliniondoka wakati ule. Kilichoniuma ni yule mzee. Lile “matozi” lilikuwa lake. Nilikuwa nimelichukua, na kama ile nakala ya kijani ingepotea kama diwani ya Hichens ilivyopotea, hakuna ambaye angejua tena kwamba aliwahi kulitamka.

Nikamweleza Bi Salma yote. Hakushtuka. Nadhani alikwishajua tangu Alhamisi. Daftari la kusaini lilikuwa lake.

“Hujaikabidhi bado,” alisema. “Basi bado ni rasimu mbaya tu. Ungekuwa umeikabidhi ningekwenda kwa msimamizi wako, nami nisingekuficha.”

Tukakaa hadi jioni. Alinifundisha kwa kazi yenyewe. Maneno ya mwandishi yakichukuliwa yalivyo, yanakaa ndani ya alama za kunukuu na ukurasa unatajwa. Hoja yake nikiisema kwa maneno yangu, bado ni hoja yake, naye anatajwa. Ile “aidha” niliyoifanya “vilevile” haikuwa imebadilisha mwenye mali. Hichens sikumsoma, kwa hiyo naandika kwamba amenukuliwa katika tasnifu ya 1984, ili msomaji ajue macho yangu yaliishia wapi. Na tasnifu isiyochapishwa inatajwa kama kitabu: mwandishi, mwaka, jina la kazi, chuo ilipowasilishwa.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. “Haya, wewe unasemaje?”

“Kuhusu nini?”

“Kuhusu anachosema huyu dada mwenye tasnifu. Anasema shairi hili liliimbwa harusini. Unakubali?”

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sikubali. Tangu siku ya kwanza nilipolisoma shairi lile, kifua kilikuwa kimenigonga, kwa sababu nilikua nikilisikia Tanga, nyumbani kwa bibi, likiimbwa kumbembeleza mtoto alale. Siku tatu nilikuwa nimenakili “liliimbwa harusini” huku nikijua nyumbani kwetu si hivyo. Ningelipingaje, na maneno nimeyafanya yangu? Mtu hawezi kubishana na kauli aliyoiba.

Nilipoandika jina la yule dada mwanzoni mwa aya, nafasi ikapatikana. Mwandishi anasema hivi. Muuza samaki wa Mji wa Kale alighani hivi. Lakini Tanga nimelisikia vingine. Kurasa ishirini na nane zilipungua hadi tisa. Kati ya hizo, nne zilikuwa zangu.

Bi Salma alizisoma akiwa amesimama, mkoba begani, taa za upande wa pili wa chumba zimeshazimwa. Akaweka alama moja tu, kando ya maneno “bibi yangu”.

“Huyu naye ana jina,” alisema.

Nikatoka nje, nikampigia bibi. Ilikuwa baada ya magharibi, nilisikia sufuria zikigongana nyuma yake. Nikamwamkia, nikamwomba majina yake matatu.

“Majina yangu ya nini tena, mjukuu wangu?”

“Nayaandika kitabuni, bibi. Kwa ule wimbo wa kumlaza mtoto.”

Kukawa kimya. Kisha akaniambia nishike kalamu vizuri, akayataja polepole, moja moja, kama anayemwandikisha mtoto shule. Nilipotaka kumshukuru akanikatiza.

“Ngoja, usifunge. Andika na la mama yangu. Mimi nilipewa na yeye.”